Gmail imegoma kutuma tangazo la mkutano kwa wanachama 640, nifanyeje?

Katibu Kalamu

Wakuu salaam. Mimi ni katibu wa chama cha wahitimu, tupo wanachama 640 na barua pepe zao ninazo kwenye lahajedwali. Natakiwa kuwatumia wote taarifa ya mkutano mkuu, na katiba yetu inataka iwafikie siku 14 kabla. Leo zimebaki siku 19.

Jana Jumatatu usiku nilinakili anwani zote 640 nikazimwaga kwenye Bcc, nikabonyeza tuma. Ikakataa. Nikasema sawa, nagawa mara mbili. Saa 3 usiku nikatuma 320 za kwanza, zikaenda vizuri. Leo Jumanne saa 2 asubuhi nikatuma 320 zilizobaki, nikapata hii:

"You have reached a limit for sending mail. Your message was not sent."

Natumia Gmail ya kawaida ya bure, akaunti ya chama. Kuingia naingia, na barua za watu napokea, ila kutuma ndiyo hakuna. Nusu ya wanachama wana taarifa, nusu hawana, na simu zimeanza: "mbona mwenzangu kapata mimi sijapata?"

Chapakazi

Mkuu hapo boksi lako limejaa. Nafasi ya bure ni GB 15, na imejumlisha picha na Drive. Futa mavideo, mwaga na pipa la taka, utaona inafunguka.

Fundi Posta

Chapakazi, boksi likijaa ujumbe wake unasema habari ya nafasi, tena barua za watu nazo zingegoma kuingia. Katibu anasema anapokea kama kawaida. Asifute kitu.

Katibu, umegonga kikomo cha siku. Gmail ya bure inaruhusu wapokeaji 500 kwenye barua moja, na 500 ndani ya siku. Wanaohesabiwa ni watu unaowaandikia. Ukiweka majina 320 kwenye Bcc umetumia 320, hata kama wewe umebonyeza mara moja tu. To, Cc, Bcc, zote zinaingia kwenye hesabu moja.

Ile ya 640 ilikataliwa kwa sababu ilizidi 500 kwenye barua moja. Hii ya asubuhi, 320 haizidi 500, lakini ukijumlisha na 320 za jana usiku unapata 640.

Katibu Kalamu

Lakini za kwanza nilituma jana mkuu! Leo si siku nyingine?

Kibatari

Siku inaanza upya saa 6 usiku. Wewe ngoja usiku wa manane, tuma dakika moja baada ya hapo. Mimi ndivyo ninavyofanya kila mwezi na haijawahi kunigomea.

Fundi Posta

Kibatari, haijakugomea pengine kwa sababu orodha yako ni fupi. Ungekuwa unahesabiwa kwa kalenda, Katibu asingekwama leo asubuhi. Siku hapa ni saa 24 zinazotembea. Kila unapobonyeza tuma, mfumo unatazama nyuma saa 24 na kuuliza: huyu ameshaandikia wangapi?

Sasa itazame ya Katibu. Jumanne saa 2 asubuhi, akitazama nyuma anakuta 320 za Jumatatu saa 3 usiku. Zimepita saa 11 tu. Kwa hiyo alibakiwa na 500 kutoa 320, yaani 180. Angetuma kwa watu 180 zingepita. Alituma 320, zikagoma zote, kwa sababu barua moja haikatwi vipande: inakwenda nzima au haiendi.

Ukishagonga, akaunti inafungwa kutuma kwa muda wa kati ya saa 1 na saa 24. Hakuna wa kumpigia wala kitufe cha kubonyeza. Ukitaka kuwa salama, usiguse kitu mpaka kesho asubuhi, ndipo umalizie zile 320. Utakuwa umebaki na siku 18, katiba haijavunjwa.

Kibatari

Haya, nimeelewa hiyo ya saa 24. Ila njia rahisi si afungue akaunti 3 tu? Kila moja 500, jumla 1,500, mchezo umekwisha.

Fundi Posta

Hapana. Kikomo kipo kwa ajili ya akaunti zilizotekwa. Mwizi akipata nenosiri lako, jambo la kwanza anafanya ni kutuma takataka kwa maelfu ya watu kabla hujashtuka. Kinachomkamata ni hicho kikomo. Sasa akaunti mpya, haina historia, siku ya kwanza inatuma kwa watu 300 maneno yaleyale yanayotumwa na akaunti nyingine 2 mpya... mtu mwema na mwizi wanafanana hapo. Barua zitaangukia kwenye spamu, ukiwa na bahati. Ukikosa bahati akaunti inafungwa kabisa.

Na wanachama wenyewe watashangaa chama kina anwani 3, ipi ya kweli?

Mama Daftari

Jamani mbona mnahangaika, kuna kitu kinaitwa kundi. Nenda kwenye Contacts, weka alama majina yote, tengeneza lebo moja iite Wanachama. Ukiandika barua, kwenye To unaandika tu "Wanachama" basi. Inakuwa mpokeaji mmoja. Mimi ndiyo natumia kwa wazazi wa darasa langu.

Katibu Kalamu

Asante dada, nimejaribu sasa hivi kuandaa. Nikiandika "Wanachama" yanajimwaga majina yote 640 kwenye mstari. Ndivyo inavyotakiwa?

Fundi Posta

Mama Daftari yuko nusu ya njia, na nusu aliyoikosa ndiyo jibu la uzi mzima. Nitaieleza taratibu.

Lebo ya Contacts ni njia ya mkato ya kuandika. Inakuokoa vidole, haikuokoi kikomo. Ukiiita, majina yanajimwaga kama alivyoona Katibu, na barua inaondoka kwenye akaunti yako ikiwa na wapokeaji 640. Darasa la Mama Daftari lina wazazi wangapi, 40? Ndiyo maana hajawahi kuliona tatizo.

Kundi la Google Groups ni kitu kingine kabisa, ingawa kwa Kiswahili yote tunaita kundi. Lile lina anwani yake lenyewe, inayoishia na @googlegroups.com. Unaandika barua kwa anwani hiyo moja. Kwenye hesabu yako umemwandikia mpokeaji 1. Barua ikifika kundini, kundi ndilo linatoa nakala na kumgawia kila mwanachama. Kikomo chako hakiguswi.

Swali la kujiuliza kila mara ni moja: nani anazigawa nakala, akaunti yangu au kitu kingine? Kama ni akaunti yako, unahesabiwa wote, hata uwapange kwa ustadi gani.

Fikiria mbele pia. Utatuma taarifa, kisha ajenda, kisha kumbusho. Hizo ni 640 mara 3, karibu wapokeaji 1,920. Kwa Bcc utakuwa unavizia saa siku nne nzima. Kwa kundi umetumia wapokeaji 3.

Mama Daftari

Kumbe! Wapo 38. Basi nimejifunza, nilikuwa najiona mjanja.

Jicho la Paka

Kabla hajakimbilia Groups namuonya. Chama chetu tulifanya hivyo, aliyelianzisha akaacha mlango wazi kila mtu anaweza kuandika. Tangazo la kwanza tu, mtu mmoja akajibu "Nimepokea, asante". Ikaenda kwa watu wote. Wa pili naye "Nimepokea". Mpaka jioni zilikuwa "nimepokea" zaidi ya 100, halafu wakaanza wale wa "naombeni mnitoe humu", nao wanawaandikia wote. Halafu mwingine akamjibu aliyeomba kutolewa, akimwelekeza namna ya kujitoa, akiwaandikia wote. Nilizima simu.

Fundi Posta

Jicho amesema kweli, na ni mipangilio ya dakika 5 ndiyo ingewaokoa. Katibu, fungua groups.google.com ukiwa ndani ya akaunti ya chama, bonyeza "Create group". Lipe jina na anwani fupi ambayo mtu anaweza kuisoma kwenye simu bila kutafsiriwa. Kisha kwenye mipangilio kuna sehemu 3 tu za kukuumiza kichwa.

"Who can post": acha wamiliki na wasimamizi peke yao. Hapo ndipo chama cha Jicho la Paka kilipoteleza. "Who can view members": pia wasimamizi tu, la sivyo kila mwanachama anaweza kufungua na kunakili anwani za wenzake wote. "Who can join group": walioalikwa tu.

Mtu akitaka kukujibu wewe, weka mpangilio wa majibu yaende kwa mwandishi wa barua, yasirudi kundini.

Kwenye kuwaingiza watu kuna njia 2. Ya kwanza ni kuwaongeza moja kwa moja, hawaulizwi kitu. Ya pili ni kuwapelekea mwaliko, nao wakubali. Ya kwanza inavutia, lakini nayo ina kikomo chake, kwa sababu ileile ya kuzuia watu kuingizwa makundini bila ridhaa. Usitarajie kumwaga 640 kwa mkupuo. Ingiza wachache wachache, ikigoma endelea kwa mialiko.

Na kabla ya yote, isafishe hiyo orodha. Nina hakika si 640.

Katibu Kalamu

Kwa nini unasema si 640? Nimeihesabu mwenyewe.

Fundi Posta

Umehesabu mistari. Panga kwa alfabeti utaona. Kuna mtu kaandikwa mara 2, mara moja kwa herufi kubwa. Kuna aliyeandikwa na nukta na bila nukta: kwa Gmail nukta kabla ya @ hazina maana, ni boksi lilelile. Kuna "gmail.con" na "gmial.com", hizo zipo kwenye kila orodha iliyokusanywa kwa karatasi. Na angalia boksi lako sasa hivi, zile 320 zilizokwenda jana, ngapi zimekurudia kutoka kwa "Mail Delivery Subsystem"?

Hizo zinazorudi usizidharau. Akaunti inayoandikia anwani nyingi zisizokuwepo inaonekana kama ya mtu aliyenunua orodha. Inaweza kubanwa hata kabla hujafika 500.

Mzururaji

Barua pepe nani anasoma siku hizi? Weka broadkasti ya WhatsApp, umemaliza.

Jicho la Paka

Mzururaji, orodha moja ya broadkasti mwisho watu 256. Na hilo si baya kuliko lote. Ujumbe wa broadkasti unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi hapati, na wewe huambiwi. Unaona tiki moja, unadhani kazima simu. Nani ana namba ya katibu wa chama cha wahitimu?

Kundi la kawaida la WhatsApp linabeba 1,024, hilo lingetosha 640. Ila umewapa watu wote namba za wenzao.

Mzururaji

Basi chaneli. Haina kikomo na namba hazionekani.

Jicho la Paka

Chaneli ni nzuri kwa matangazo, lakini mtu anaifuata mwenyewe, huwezi kumuingiza. Na hutajua nani kati ya 640 yumo. Akija mtu kwenye mkutano mkuu akasema hakupewa taarifa, utamuonyesha nini?

Mzururaji

Na kwenye barua pepe utamuonyesha nini? Kwamba ilikwenda spamu?

Mama Daftari

Hapo amekubana 😂

Pweza

Samahani nadandia uzi. Mimi shida yangu inafanana: natunza hesabu za kikundi cha watu 210, kila mmoja natakiwa kumtumia salio lake yeye. Siwezi kutuma kundini, kila mtu ataona la mwenzake. Nimepata hati fupi ya Apps Script inayosoma lahajedwali na kutuma moja moja. Ilituma karibu nusu ikasimama. Lakini 210 ni chini ya 500, sasa kimenizuia nini?

Fundi Posta

Pweza, kundi halikufai, upo sahihi. Kilichokuzuia ni kwamba hati za Apps Script zina hesabu yao peke yake, tofauti na ya kubonyeza tuma kwa mkono. Kwa akaunti ya bure ni wapokeaji 100 kwa siku. Unaweza kuiuliza imebaki ngapi kabla ya kuanza:

```
function angalia() {
  Logger.log(MailApp.getRemainingDailyQuota());
}
```

Ikijibu 100, tuma 100. Jambo la muhimu zaidi: ongeza safu kwenye lahajedwali lako, hati iandike "imetumwa" kila inapomaliza mtu mmoja, na ikianza upya imruke mwenye neno hilo. Bila hivyo kesho itaanza tena mstari wa kwanza, na watu 100 walewale watapata salio mara ya pili huku wa mwisho hawapati kamwe. Watu 210 utawamaliza kwa siku 3. Kikundi kikiwa na akaunti ya kulipia ya Workspace, hapo hati inaruhusiwa 1,500.

Pweza

Hicho cha kuanza mstari wa kwanza kimeshanitokea 😩 Mzee mmoja kanipigia anauliza kama anadaiwa mara 2.

Kibatari

Kwani Katibu asilipie tu Workspace? Nasikia ni 2,000 kwa siku.

Fundi Posta

Ni barua 2,000 kwa siku, lakini ukiandikia watu wa nje ya domeni yenu, barua moja haibebi zaidi ya 500 kati yao. Wanachama wake karibu wote ni wa nje. Ingemsaidia, ila kwa matangazo machache kwa mwaka sioni haja.

Wakifika kutuma kwa maelfu, wahamie kwenye huduma maalumu za kutuma barua nyingi, wakiwa na domeni yao na rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye DNS, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwao kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanakaza hapo: anayetuma 5,000 au zaidi kwa siku kwenye maboksi ya Gmail lazima awe nazo zote 3, na kwa barua za matangazo aweke na njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja. Na wasiweke anwani ya @gmail.com kama mtumaji wakati barua inatoka kwenye seva ya mtu mwingine, itaonekana ya kughushi. Katibu hajafika huko.

Katibu Kalamu

Nimerudi na mrejesho, leo Jumamosi, zimebaki siku 15.

Jumatano asubuhi kutuma kulifunguka, nikawamalizia zile 320 kwa Bcc. Kwa hiyo taarifa ya kwanza imekwenda kwa wote ndani ya muda.

Orodha nimeisafisha. Walioandikwa mara mbili 9. Zilizorudi au zilizoandikwa vibaya 23, kati yao kuna "yaho.com" 4. Zimebaki 608. Fundi Posta ulijuaje?

Kundi nimelifungua. Niliongeza watu moja kwa moja mpaka ikagoma, wengine nikawapelekea mialiko. Mpaka leo wamo 452. Hawajakubali 156.

Sasa kuna kitu kimenitisha. Nimetuma ajenda kundini jana. Mimi mwenyewe ni mwanachama wa kundi, lakini kwangu haijaingia! Imekaa kwenye Sent tu. Nikatuma tena nikidhani imepotea. Bado.

Fundi Posta

Usitume mara ya tatu! Gmail ikiona barua uliyoiandikia kundi imekurudia wewe mwenyewe, haikuwekei nakala ya pili kwenye inbox, inakuachia ile ya Sent. Kuhakikisha, fungua ukurasa wa kundi, barua inatakiwa ionekane pale. Au mpigie mwanachama mmoja.

Katibu Kalamu

Nimempigia mweka hazina. Kaniambia "nimeipata, tena mbili". Aibu yangu.

Na hao 156?

Fundi Posta

Hao 156 ni chini ya 500. Waandikie kwa Bcc kutoka akaunti ya chama, uwape ajenda, na mstari wa kwanza kabisa uwaambie wautafute mwaliko wa kundi, waangalie na kwenye spamu. Mwaliko unatoka kwa Google wala hauna sura ya chama, wengi wameufuta wakidhani ni utapeli. Ukitaja jina la kundi kwenye barua yako mwenyewe watautambua. Kila wiki namba hiyo itapungua.

Ila ajenda usiibebeshe kama kiambatisho kizito. Weka faili Drive, tuma kiungo, na hakikisha umeruhusu mwenye kiungo asome. Usiporuhusu utapokea maombi 600 ya "request access".

Katibu Kalamu

...Hilo la kuruhusu sijafanya. Ngoja nikaangalie boksi.

Katibu Kalamu

Maombi 87. Naruhusu sasa.

Mzururaji

Na wale 23 ambao anwani zao zimekufa? Katiba inasema taarifa iwafikie wanachama wote. Mimi bado nasema wangepigiwa au watumiwe SMS.

Jicho la Paka

Kwa watu 23 hata mimi nakubali, simu inatosha. Ila je, katiba yao inatambua simu kama taarifa? Yetu inasema "kwa maandishi", na tuligombana nusu saa kama ujumbe wa WhatsApp ni maandishi.

Katibu Kalamu

Yetu inasema "kwa njia ya barua". Iliandikwa kabla sijazaliwa. Mwenyekiti anasema barua pepe ni barua, makamu anasema barua ni ya karatasi. Nimewaachia wao. Mimi nimeshatuma kwa 156, zimekwenda zote, na namba za simu za wale 23 nimepata 17.